Laptopu Bila Kitufe cha Kati: Washa Alt, Ziache Namba

Ukiuliza namna ya kutumia Blender, programu ya kuundia modeli za 3D, kwenye laptopu isiyo na kipanya cha pembeni, utajibiwa jambo lilelile: fungua `Edit > Preferences > Input`, weka tiki kwenye `Emulate 3 Button Mouse`, weka nyingine kwenye `Emulate Numpad`, kazi imekwisha. Nakubaliana na nusu ya jibu hilo. Tiki ya kwanza inakupa mengi na kukugharimu kidogo. Ya pili ni kinyume chake, na wanaoanza huiweka bila kujua wametoa nini.

Tuanze na kitufe chenyewe. Katika Blender, kitufe cha kati cha kipanya ndicho kinachobeba mwendo wote wa mtazamo. Ukikibonyeza na kuburuta, unaizunguka modeli. Ukiongeza Shift, mtazamo unasogea kushoto, kulia, juu au chini bila kuzunguka. Ukiongeza Ctrl, unakaribia au unarudi nyuma. Tachipadi ina kubofya kushoto na kulia tu, kwa hiyo mwanzoni umekaa mbele ya modeli kama mtu aliyefungwa kwenye kiti.

`Emulate 3 Button Mouse` inaiambia programu kwamba Alt pamoja na kitufe cha kushoto vihesabiwe kuwa kitufe cha kati. Mengine yanafuata: Alt na kuburuta kwa kushoto ni kuzunguka, Shift na Alt na kuburuta ni kusogeza, Ctrl na Alt na kuburuta ni kukaribia. Kwenye kompyuta za Mac, Option ndiyo Alt.

Mpangilio wa vidole una maana hapa. Alt lazima iwe imeshabonyezwa kabla ya kitufe cha kushoto, kwa sababu programu huamua ni kitufe gani kilichobonyezwa papo hapo kinaposhuka. Ukitangulia kubofya kisha ukakumbuka Alt, umeshachelewa: badala ya modeli kuzunguka, utaona mraba wa kuchagulia ukichorwa juu yake. Ukiona mraba huo, tatizo ni mfuatano wa vidole. Mipangilio yako ni mizima. Pia bonyeza tachipadi kwa nguvu mpaka isikike, kwenye kona ya chini kushoto, kwa kidole gumba, huku kidole cha shahada kikiburuta. Kugonga mara mbili ili kuburuta kunawezekana, lakini mara nyingi buruto hukatika katikati ya mzunguko.

Sasa makosa yanayowachanganya watu, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema mbinu haifanyi kazi.

La kwanza ni la Windows yenye kibodi za lugha mbili au zaidi. Shift na Alt za kushoto ni njia ya mkato ya Windows ya kubadilisha lugha ya kibodi, na ndizo hizohizo unazoshika kila unaposogeza mtazamo. Fikiria laptopu ya Bukavu au Bujumbura yenye kibodi ya Kiingereza na ya Kifaransa. Unasogeza mtazamo mara moja, kisha unabonyeza A kuchagua vitu vyote, na badala yake inafunguka menyu ya `Quick Favorites`. Hiyo ni menyu ya Q. Kwenye mpangilio wa Kifaransa A na Q zimebadilishana nafasi, vivyo hivyo Z na W, na wewe umeingia kwenye mpangilio huo bila kuombwa ruhusa. Dawa iko kwenye mipangilio ya Windows: tafuta `Advanced keyboard settings`, fungua `Input language hot keys`, bofya `Change Key Sequence`, kisha chagua `Not Assigned`. Lugha utaendelea kuibadilisha kwa kitufe cha Windows na nafasi.

La pili linahusu Alt ya kulia. Kwenye mipangilio kadhaa ya kibodi, ukiwemo wa Kifaransa, kitufe hicho ni AltGr, na Windows hukituma kana kwamba umebonyeza Ctrl na Alt pamoja. Kwa hiyo unataka kuzunguka, modeli inakuja usoni au inakimbia. Tumia Alt ya kushoto tu.

La tatu ni la Linux. Baadhi ya mazingira ya dawati hutumia Alt na kubofya kushoto kuhamisha dirisha zima, na huinasa amri hiyo kabla haijaifikia Blender. Dalili yake haifichiki: ukiburuta, dirisha ndilo linalosafiri. Kwenye XFCE fungua `Window Manager Tweaks`, sehemu ya `Accessibility`, ubadilishe kitufe cha kushikia madirisha kutoka Alt kwenda Super. Kwenye Cinnamon ya Linux Mint amri moja inatosha:

```
gsettings set org.cinnamon.desktop.wm.preferences mouse-button-modifier '<Super>'
```

Hayo yakishatengenezwa, gharama halisi ya kuiga kitufe cha kati ni hii: amri zilizokuwa zikitumia Alt na kubofya kushoto hazipo tena mahali pake. Kubwa kati ya hizo ni kuchagua mzingo mzima wa kingo kwa mpigo mmoja. Tuione kwenye kazi ndogo, kutengeneza kikombe, kwa sababu ndani yake zinakutana gharama za tiki zote mbili.

Bonyeza Shift na A, chagua `Mesh > Cylinder`. Inakuja silinda ya vipeo 32, nusu kipenyo mita 1, kimo mita 2. Ukubwa huo ni wa ajabu kwa kikombe, ila kwa mazoezi hauna ubaya. Bonyeza Tab kuingia kwenye uhariri, kisha 3 ili uchague nyuso. Zunguka kwa Alt mpaka uuone mfuniko wa juu, ubofye. Bonyeza I, andika 0.1, Enter: mfuniko umepata ukingo. Bonyeza E, andika -1.8, Enter: uso wa ndani umezama na shimo la kikombe limepatikana.

Hapo simama kidogo uiangalie ile 3. Kama ungekuwa umewasha `Emulate Numpad`, kubonyeza 3 kusingekupa uchaguzi wa nyuso. Kungekurusha kwenye mtazamo wa upande wa kulia, kwa sababu namba za juu ya herufi zingekuwa zimegeuzwa kuwa namba za pembeni ambazo laptopu yako haina. Katika uhariri, 1 ni vipeo, 2 ni kingo, 3 ni nyuso, na mtu anayeunda umbo huruka kati ya hizo tatu mfululizo. Mtazamo wa mbele au wa juu unauhitaji mara chache mno ukilinganisha. Kubadilishana hizo mbili ni kuuza jembe ili ununue mpini.

Tuendelee na mdomo wa kikombe, ambao bado una kona kali. Bonyeza 2 kwa kingo. Kwa kawaida ungeshika Alt na kubofya ukingo wa nje, mzingo wote ungechaguliwa. Sasa Alt ina kazi nyingine, kwa hiyo bofya ukingo huo mara mbili harakaharaka. Kwa mzingo wa ndani, shika Shift na ubofye mara mbili. Vyote viwili vikishang'aa, bonyeza Ctrl na B ili kuzikata kona hizo, andika 0.03, Enter. Ukingo una upana wa 0.1, na mikato miwili ya 0.03 inaacha nafasi katikati. Ukiandika 0.06 mikato itapishana na mdomo utaharibika.

Ili kila mkato ugawanyike vipande zaidi na kona iviringike, maelekezo mengi yatakuambia uzungushe gurudumu la kipanya. Huna gurudumu. Fungua kisanduku kilichojitokeza chini kushoto, au bonyeza F9, uandike 3 kwenye `Segments`. Hali ni hiyohiyo kwa Ctrl na R, amri ya kuongeza mizingo mipya ya kingo: badala ya gurudumu, andika idadi ya mikato kwa namba kabla hujathibitisha. Na kile kilichokuwa Ctrl, Alt na kubofya, yaani kuchagua kingo zinazokabiliana kuzunguka umbo, sasa kipo kwenye menyu: `Select > Select Loops > Edge Rings`. Hiyo ni hatua ndefu zaidi, nakiri, lakini si amri ya kila dakika.

Je, mitazamo ya mbele, pembeni na juu utaipataje bila namba? Iko kwenye kona ya juu kulia ya eneo la modeli, kwenye zile duara za rangi. Bofya Z upate mtazamo wa juu, bofya X upate wa kulia. Wa mbele huwapoteza wengi: uko upande hasi wa Y, kwa hiyo bofya duara la kijani lisilo na herufi. Ukiburuta hizo duara unaizunguka modeli, na chini yake kuna alama ya mkono ya kusogezea na ya lenzi ya kukaribia. Siku tachipadi au kibodi inapokugomea, hizo zinafanya kazi kwa kitufe cha kushoto peke yake, bila mpangilio wowote.

Kuna hali moja zaidi ambayo lawama huangushiwa Alt wakati haina hatia. Unakaribia modeli, unakaribia tena, na kila buruto linasogeza kidogo kuliko la mwanzo mpaka mtazamo unaganda. Mtazamo huzunguka nukta fulani usiyoiona, na mwendo wa kukaribia na wa kusogeza hupungua kadiri unavyoifikia nukta hiyo. Chagua sehemu unayoishughulikia, kisha `View > Frame Selected`. Nukta inahamia hapo na mwendo unarudi. Ili tatizo lisijirudie, kwenye `Preferences > Navigation` washa `Orbit Around Selection` na `Depth` iliyo chini ya `Auto`. Kwa mtu wa tachipadi mipangilio hii miwili naiona ya lazima, kwa sababu kila buruto lake ni fupi na hana la kupoteza.

Na kama tachipadi yako inaelewa vidole viwili vizuri, huenda hata tiki ya kwanza huihitaji. Kwenye Mac, na kwenye Windows ambako `Multi-touch Gestures` imewashwa, kuteleza vidole viwili ni kuzunguka, ukiongeza Shift ni kusogeza, na kubana au kutanua vidole ni kukaribia. Jaribu hilo kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Likikubali, Alt inabaki na kazi zake za asili, na mzingo wa mdomo wa kikombe utauchagua kwa mbofyo mmoja kama mwenye kipanya.