Alama ya kunakili kifungu

"Mwanafunzi akinakili sentensi ya kifungu neno kwa neno, na ndimo jibu lilimo, nimnyime alama?"

Tuchukue kifungu kifupi cha ufahamu: "Neema aliposikia mlango ukibishwa, aliruka kutoka kitini. Alipomwona jirani, mabega yakamshuka. Akarudi ndani, akaikunja ile barua iliyochakaa kwa kukunjuliwa." Swali: Eleza kwa maneno yako hali ya Neema, utoe ushahidi. Alama mbili: moja ya hitimisho kuhusu hali yake, moja ya ushahidi.

Mmoja ameandika, "Alipomwona jirani, mabega yakamshuka." Wanaotaka anyimwe zote wana hoja nzito. Mwanafunzi anaweza kuwinda neno la swali ndani ya kifungu, akainakili sentensi yake, asijue hata inasema nini. Lakini hapa hakuna neno la swali zaidi ya jina. Ilibidi achague, na amechagua penye dalili. Mimi humpa alama moja ya ushahidi. Ya pili simpi, maana hakuna aliposema mabega yale yanaonyesha nini. Angenakili kifungu kizima nisingempa kitu, kwa kuwa hapo hajachagua.

Upande wa pili una hoja ambayo wasahihishaji wengi tunaipita haraka: sharti la maneno yako hupima msamiati pia. Anayejifunza lugha huweza kuelewa kabisa, akakosa neno mbadala. Akilazimishwa, ataandika barua "imezeeka" badala ya "imechakaa", na maana inapotea: iliyochakaa imeshikwashikwa, iliyozeeka huenda haijaguswa kabisa. Kwa hiyo sharti hilo naliweka kwenye hitimisho tu. Ushahidi unukuliwe, na maneno kama "barua" na "mlango" yabaki yalivyo.

Kazi ngumu iko kwenye hitimisho lenyewe. "Anahuzunika kwa kuwa mumewe amemwacha" limeandikwa kwa maneno yake, sarufi safi, na linashawishi lipewe alama. Ila mume hayumo kifunguni, wala hakuna kinachomdokeza. Huko ni kubuni. Huzuni ningeikubali kama angeifunga kwenye mabega. Mwingine kaandika, "Alikuwa na wasiwasi, maana aliruka kutoka kitini," ilhali mwongozo unasema "alikuwa akimngoja mtu kwa hamu". Anayeshika mwongozo atasema tukianza kukubali kila tafsiri, karatasi moja itapata alama tofauti kwa kila msahihishaji. Ni kweli, na ndiyo maana wasahihishaji wakae na karatasi chache kabla ya kuanza, wakubaliane majibu ya namna hii. Wasiwasi haupingwi na sentensi yoyote ya kifungu, na una ushahidi wake. Nampa zote mbili.

Aliyeandika "alifurahi kwa sababu aliruka" hapati ya hitimisho: sentensi inayofuata tu inamkanusha.