Skripti ya usiku isilipe mara ya pili bila kuuliza mtu

Juzi kwenye kikao jamaa mmoja kasema tuweke kikomo tu, malipo chini ya elfu hamsini skripti ijiendee yenyewe, ya juu yasubiri mhasibu aidhinishe. Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilikasirika kweli, maana hasara yetu yote ilitokea chini ya elfu hamsini.

Iko hivi. Ushirika wetu wa maziwa unalipa wafugaji kwa simu kila nusu mwezi, kazi inaanza saa nane usiku watu wamelala. Usiku ule yalikuwa malipo 340, na 12 yakarudi taimauti. Skripti niliiandika mimi, nikaiambia taimauti ni kufeli, subiri dakika tano tuma tena. Kumbe 9 kati ya yale 12 yalikuwa yameshaingia, jibu tu ndo lilichelewa kurudi. Watu 9 wakalipwa mara mbili, jumla 351,000, hakuna hata mmoja aliyefika elfu hamsini.

Asubuhi tukaanza kupiga simu kuomba hela irudi. Mama mmoja alikuwa tayari kurudisha siku hiyo hiyo, ila alikuwa anadaiwa mkopo wa simu, ule unaojikata wenyewe hela ikiingia tu, kwa hiyo ile ya ziada hakuwahi hata kuishika. Utamdai nini mtu kama huyo? Tulikubaliana tukate kidogo kidogo kwenye maziwa yake, miezi miwili, na kosa ni langu si lake.

Ndo maana nasema swali la kuuliza sio hela ni kubwa kiasi gani. Uliza hivi: hiki kitu kikienda vibaya, kesho asubuhi naweza kukirudisha mwenyewe bila kumbembeleza mtu? Kusoma salio, kuuliza hali ya muamala, kuandika logi, hata kusimamisha kazi nzima, hivyo skripti ifanye yenyewe hata mara mia. Kutuma malipo ya kwanza yaliyopo kwenye orodha iliyosainiwa, sawa pia, mtu ameshasema ndiyo mchana. Lakini kutuma tena muamala ambao hujui umefika au la, hapana, hiyo hakuna aliyeiruhusu.

Taimauti maana yake ni kwamba hujui malipo yamefika au la. Kukataliwa ni kitu kingine, namba ikiwa mbovu unaambiwa wazi na hela haijatoka. Sasa hivi kwangu ipo hivi:

```python
if hali == "HAIJULIKANI":
    hali = uliza_hali(kumb)   # kusoma tu
if hali == "HAIJULIKANI":
    weka_kiporo(kumb)         # usilipe tena
```

Hiyo uliza_hali ndani yake inauliza mara tatu, kila baada ya dakika kumi, ikishindwa skripti inaweka kiporo na kuendelea na wengine. Ni kweli kuna mitandao ukituma tena kwa namba ile ile ya kumbukumbu inaitambua na kuikataa, hapo sawa, kama umeijaribu ukaona kwa macho inakataa basi iache irudie yenyewe. Skripti yangu ilikuwa inatengeneza namba mpya kila jaribio, kwa hiyo kwa mtandao yale yalikuwa malipo mawili tofauti.

Halafu ujumbe wenyewe wa kuomba ruhusa. Ukiandika "malipo 4 yana shida, niendelee?" mhasibu atajibu ndiyo akiwa bado kitandani, na hajaidhinisha chochote anachokielewa. Wangu unakuja mmoja tu asubuhi, una jina la mfugaji, kiasi, saa malipo yalipotumwa mara ya kwanza, na mtandao ulijibu nini tulipouliza. Yeye anajibu na namba ya kiporo, mfano LIPA 0417, neno ndiyo peke yake halikubaliki. Asipojibu kinabaki kiporo, hata siku tatu, kimya sio ruhusa. Najua mfugaji anasubiri hela ya pumba na inaniuma, ila hela iliyochelewa unaituma mchana, iliyozidi unaidai miezi miwili.

Na kitu ambacho nilikikosa mwanzoni: jibu likifika, kabla ya kulipa skripti inauliza hali tena. Mhasibu anaweza kusoma saa moja akajibu saa nne, na hapo katikati mtandao umeshaleta majibu yake.

Malipo yaliyopita viporo vilikuwa vinne. Mhasibu alijibu LIPA kwa vyote saa tatu asubuhi. Skripti ikauliza upya, ikakuta vitatu vimeshalipwa tangu usiku, ikavifunga, ikalipa kimoja.