Msitupime kwa magharibi ya kwenu

Kila inapofika Septemba na mwezi ukaandama, huja lile swali kutoka nyumbani: sisi tumeuona kwa macho matupu, nyinyi mliohamia kaskazini mnashindwaje? Nyuma ya swali kuna shutuma kwamba huku hatutoki kuutafuta, au tumezoea kuletewa kila kitu kwenye simu. Shutuma hiyo inaniuma, kwa sababu watu hutoka, husimama kwenye baridi, na mbingu iko wazi. Mwezi hauonekani kwa sababu ya umbo la anga lenyewe katika latitudo hizi.

Tuanze na lililo sawa kwetu sote. Mwezi ukishalipita jua, saa za mwanzo hauonekani popote duniani. Mfaransa André Danjon alionyesha, miaka ya 1930, kwamba ukiwa umeachana na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, hilali haipatikani kwa macho. Mwezi huliacha jua kwa nusu nyuzi kila saa, kwa hiyo unahitaji muda wa kutosha, na kwa kawaida macho matupu huuona ukishafika nyuzi 10 au zaidi. Hata hapo sehemu inayong'aa ni kama 1 tu kati ya 100 ya uso wake, nayo iko katika ule upande wa mbingu ambao mwanga wa machweo bado umeujaza.

Sasa chukueni jioni moja ya mwishoni mwa Septemba, mwezi ukiwa umefika nyuzi 12 kutoka kwenye jua. Umri wake ni kama siku moja. Nyumbani, karibu na ikweta, njia ya jua na mwezi husimama karibu wima juu ya upeo wa magharibi. Jua linapozama, zile nyuzi 12 karibu zote ni kimo: mwezi uko nyuzi kama 11 juu, na utazama dakika 40 hivi baadaye. Jua nalo hushuka moja kwa moja, giza linaingia upesi, na baada ya dakika kama 20 hilali inajitokeza imelala kama mtumbwi, pembe zikiangalia juu.

Jioni hiyohiyo njooni kwenye nyuzi 60 kaskazini, karibu na Oslo au Helsinki. Njia ileile hapa imelala, ikiinuka nyuzi 6 na nusu tu kutoka kwenye upeo. Mwezi uko mbali na jua vilevile, lakini umbali huo umekwenda kushoto, upande wa kusini. Kimo chake hakifiki nyuzi moja na nusu, na kwa kuwa tunautazama tukiwa juu ya uso wa dunia, si kutoka kwenye kitovu chake, kiasi cha nyuzi moja hupungua tena. Unazama dakika chache tu baada ya jua. Na jua la huku huteleza kwa mshazari, kwa hiyo mwezi unapotoweka mbingu bado ni nyeupe. Mwanga wake pia umepita katika tabaka nene mno la hewa lililo karibu na upeo. Hapo hata darubini haisaidii sana.

Machi mambo hugeuka. Njia hiyo husimama nyuzi 53, mwezi uleule wa nyuzi 12 hukaa juu zaidi ya saa nzima, na sisi wa kaskazini huuona kwa raha kuliko nyinyi. (Njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 dhidi ya ile ya jua, kwa hiyo hesabu hizi hupanda au kushuka mwaka hadi mwaka.) Hakuna aliyezidi bidii kati ya Septemba na Machi.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba lawama hizo huwasukuma watu kuona kisichokuwepo. Mtu mwaminifu anayetazama sana mahali palipong'aa ataona moshi wa ndege uliopigwa na jua, au Zuhura, naye ataapa. Anayepokea ushahidi aulize pembe zilielekea wapi, kwa sababu upande unaong'aa hulielekea jua daima. Aulize kilikaa muda gani na kama kilibadilika umbo, maana moshi hutawanyika. Kisha atazame hesabu ya falaki: kama mwezi ulizama kabla ya jua pale aliposimama shahidi, ushahidi huo urudishwe kwa upole, bila kumwita mwongo.

Hesabu haichukui nafasi ya macho, kwa maoni yangu. Inatuambia macho yana nafasi wapi. Kwa hiyo majira ya vuli tutaendelea kutoka nje, lakini msitudai ushahidi wa hapa. Tutumieni wenu, pamoja na saa na mahali, tuupime kisha tuanze mwezi pamoja.