Picha yangu haisafiri peke yake

"Wiki ya tatu sasa tunachati. Kila jioni ananiambia, 'nirushie kapicha basi.' Sina ubaya naye, ila picha sitaki kutuma kabla hatujaonana. Nimjibuje asione namdharau?"

Wapo watakaokwambia sema hapana, yaishe. Wana hoja, maana utani mwingine humwachia mtu matumaini ya bure. Na mwombaji si lazima awe na nia mbaya: mtandaoni yeyote anaweza kujiita Asha, kwa hiyo kutaka kuona sura ni kutaka uhakika.

Lakini anayekataa kwa utani ndiye anayehukumiwa vibaya. Ataambiwa anaringa, anazungusha, ana anachoficha. Mimi naona ana adabu: picha kainyima, maongezi hajayanyima. Kazi iko kwenye kuchagua utani.

Chukua lile jibu tulilolizoea: "Mie sina sura ya picha." Mtacheka, ila umejishusha, na muungwana yeyote atakubembeleza: "Wewe mzuri bwana, hebu tuma." Tayari umempa kazi ya kukushawishi. "Kamera mbovu" ni baya zaidi, kwa sababu keshokutwa utapiga picha keki ya harusi ya binamu yako, uiweke stetasi, na yeye ataiona.

Sasa jaribu hili: "Picha yangu haisafiri peke yake, huja na mwenyewe. Jumamosi tukionana utaniona bure." Hapo kinachochekwa ni picha, sura yako haijaguswa. Jibu limo ndani, siku nayo imo. Halafu mtumie sauti ya sekunde ishirini ukimtaja jina na kumsimulia jambo la leo. Kama hofu yake ilikuwa ni kutapeliwa, sauti inayojibu alichokiandika dakika tano zilizopita itampunguzia, hata kama haiimalizi.

Siku usiitaje kama huna mpango wa kuonana, maana ahadi hiyo utadaiwa. Sema tu: "Idara ya picha imefungwa, ya stori iko wazi saa 24."

Akiomba mara ya tatu, utani uweke pembeni: "Nilisema kwa kucheka, sasa nasema kawaida: picha situmi. Kazini umeshindaje?" Usiombe radhi, usieleze sababu, kwani kila sababu utakayoitoa ataitafutia dawa. Anayekuheshimu atakusimulia ya kazini. Mwingine atasema, "ungenipenda ungetuma," au atarusha yake bila kuombwa ili ujione una deni.

Na yupo atakayesema, "Basi tuma ile ya kutazamwa mara moja." WhatsApp huzuia picha ya namna hiyo isinaswe kwenye skrini ya simu iliyoipokea. Lakini haiwezi kuzuia simu ya pili iliyoelekezwa kwenye kioo. Huyo mpe jibu lile lile la mara ya tatu, neno kwa neno.