Kabla ya kuomba data zaidi, iache modeli ikariri mifano minane

Kuna maneno nikiyasikia tena nitafunga kompyuta niende zangu: "Si inashuka? Tuipe muda." Juzi yametoka kwa mwenzangu wa kazini, kijana makini kabisa, mwenye modeli ya kupanga picha katika makundi 10. Hasara ilianzia karibu 2.3, ikajikokota hadi 1.7 hivi, ikagoma hapo. Usahihi ulikuwa wa kuridhisha kiasi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Mpango uliokuwa mezani ulikuwa kukusanya picha zaidi, kuongeza tabaka na kuomba GPU yenye nguvu kuliko ile iliyopo. Yaani tutumie fedha kwanza, kukagua baadaye.

Nikamuuliza kama ameijaribu kwa bachi moja. Akanitazama kama nimemtukana. "Kaka, hapo si itakariri tu?"

Ndiyo, itakariri! Ndicho ninachokitaka. Tumetishwa na kukariri tangu somo la kwanza mpaka tunasahau kwamba kukariri ndiyo kazi nyepesi kuliko zote unazoweza kuupa mtandao wa neva. Mtandao wenye parameta milioni kadhaa ukishindwa kuzimeza picha nane, usiniambie data ni chache. Kuna kitu kimevunjika kwenye msimbo wako, na mbele ya picha nane hakina pa kujificha.

Jaribio lenyewe halina maringo. Unazima dropauti, adhabu ya uzito na ule ugeuzaji wa picha wa bahati nasibu. Unachukua bachi moja ya mifano minane, kisha unairudia ileile:

```python
x, y = next(iter(loader))
model.train()
for i in range(500):
    opt.zero_grad()
    loss = F.cross_entropy(model(x), y)
    loss.backward()
    opt.step()
    if i % 50 == 0:
        print(i, loss.item())
```

Angalia mstari wa kwanza umekaa wapi: nje ya kitanzi. Wapo wanaouweka ndani, wakaletewa bachi mpya kila hatua, halafu wanalalamika kwamba modeli haikariri.

Tuliendesha kwa modeli yake. Ikaanzia 2.30, na hilo lilinipa moyo, kwa sababu modeli isiyojua chochote kuhusu makundi 10 inagawa nafasi sawa kwa kila kundi, na logi asilia ya 10 ni 2.303. Ikashuka, ikashuka, ikafika 1.46. Ikakaa hapo kama imepigiliwa misumari. Jambo la kuchekesha ni kwamba usahihi ulikuwa 8 kwa 8. Modeli inajua majibu yote, lakini hasara inakataa kushuka hata chembe.

Mwenzangu akasema kasi ya kujifunza ni ndogo. Bila shaka. Kasi ya kujifunza husingiziwa kila kitu. Lakini 1.46 si namba ya kubahatisha. Unaweza kuikokotoa kwa kalamu. Modeli yake ilimalizia na softimaksi, kwa hiyo ilitoa uwezekano kati ya 0 na 1. Nayo `F.cross_entropy` ya PyTorch inategemea kupewa alama ghafi, kwa kuwa yenyewe inafanya softimaksi kwa ndani. Softimaksi mara mbili, basi. Sasa chukua hali nzuri kuliko zote: modeli ina uhakika kamili, imetoa 1 kwa kundi sahihi na 0 kwa mengine tisa. Softimaksi ya pili inazichukua kama alama tu. Ile 1 inakuwa 2.718, kila 0 inakuwa 1. Kundi sahihi linapata 2.718 kati ya 11.718, yaani kama asilimia 23. Logi hasi ya 0.232 ni 1.46. Hiyo ndiyo sakafu, na modeli haiwezi kwenda chini yake hata ukiiendesha hadi mwakani.

Hiki ndicho kinachonikera katika makosa ya namna hii. Hayapigi kelele. Hakuna ujumbe mwekundu kwenye skrini, programu haianguki, na kundi lenye alama kubwa linabaki lilelile, ndiyo maana usahihi ulionekana wa heshima. Modeli inajifunza huku imefungwa mguu mmoja: gradienti zinapita kwenye softimaksi mbili, zinafika zimenyauka, na kadiri modeli inavyojiamini ndivyo zinavyozidi kunyauka, hata pale inapojiamini kwa jibu lisilo sahihi. Kwenye mafunzo kamili ile 1.7 ilikuwa na visingizio tele: picha ngumu, lebo chafu, modeli ndogo. Kwenye picha nane visingizio vyote vimekwisha. Tukafuta mstari mmoja, ule wa softimaksi mwishoni mwa modeli, tukarudia, hasara ikaporomoka hadi chini ya 0.01.

Kwa hiyo ukifanya jaribio hili, usitazame tu kama imeshuka. Soma imegomea namba gani. Ikibaki palepale kwenye 2.303, shuku kwamba optimaiza haijapewa parameta za modeli. Ikishuka kidogo tu na kutulia, hesabu lebo za bachi yako. Tuseme ni makundi mawili, mifano mitano ya kundi moja na mitatu ya jingine. Anayekisia kwa uwiano huo bila kutazama picha hata moja anapata hasara ya 0.66. Ukiona 0.66, modeli yako haioni picha. Imejifunza tu kundi lipi lina mifano mingi. Hapo nenda kaangalie kinachoingia kwenye tabaka la kwanza. Mara nyingi utakuta pikseli zimegawanywa kwa 255 mara mbili, picha zote zimekuwa karibu sifuri.

Na ikifika chini kabisa, endesha bachi ileile baada ya `model.eval()`. Hasara ikiruka juu wakati dropauti ulishaizima, tabaka za kusawazisha kwa bachi zinakuhusu.

Haya, nikubali shingo upande: jaribio hili si hirizi. Lebo zikiwa zimevurugwa, picha hii imepewa jibu la ile, modeli itazikariri vilevile kwa furaha na wewe utashangilia. Kwa hilo hakuna njia ya mkato; fungua picha nane na lebo zake, uzitazame kwa macho yako.

Kwenye modeli za lugha hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuna kosa linalofanya jaribio lipite upesi zaidi. Barakoa inayozuia neno kuona yajayo ikisahauliwa, modeli inanakili jibu badala ya kulitabiri, na hasara inazama kwa hatua chache tu. Kushuka kwa haraka mno kukutie wasiwasi kama kugoma. Chukua sentensi moja, badilisha neno la mwisho tu, upitishe zote mbili katika hali ya `eval`, ulinganishe matokeo ya nafasi zilizotangulia. Yanapaswa kubaki yaleyale, labda tofauti ya desimali za mbali. Yakibadilika waziwazi, modeli inachungulia, na ile hasara nzuri haina maana yoyote.