“Sifuri mara chochote ni sifuri” si hoja

Kila nikisahihisha karatasi zenye swali la kikomo cha x·sin(1/x), yaani namba ambayo fanksheni hiyo inaielekea pale x inapokaribia 0, najua nitakutana na mstari huu: “x inakwenda 0, na sifuri mara chochote ni sifuri, kwa hiyo jibu ni 0.” Jibu ni sahihi kabisa. Ila mstari huo siupi alama, na wenzangu wengine huniona mkali kupita kiasi. Acha nijitetee.

Hebu tumtazame kwanza huyu anayeitwa “chochote”. Hapa ni sin(1/x). Kadiri x inavyosogea karibu na 0, ukubwa wa 1/x huongezeka bila mwisho, na sini huendelea kupanda na kushuka kati ya -1 na 1 kwa kasi inayozidi kuongezeka. Kutoka x = 0.01 hadi x = 0.001, 1/x hupita kutoka 100 hadi 1000. Hizo ni radiani 900, yaani mawimbi kamili kama 143. Ukisogea tena kutoka 0.001 hadi 0.0001, unapata mawimbi zaidi ya 1,400 katika sehemu iliyo fupi mara kumi. Grafu yake karibu na 0 huwa doa la wino tu, hata ukiikuza vipi.

Kwa hiyo sin(1/x) haina kikomo kwenye 0, na kuonyesha hilo ni rahisi. Chagua x = 1/(nπ) kwa n = 1, 2, 3 na kuendelea: unaikaribia 0, na kila mara sini ni 0. Sasa chagua x = 2/((4n+1)π): hapo nako unaikaribia 0, lakini kila mara sini ni 1. Njia mbili za kwenda mahali pamoja, majibu mawili tofauti. Basi, kikomo hakipo.

Hapo ndipo mstari wa mwanafunzi unapovunjika. Kanuni inayoruhusu kusema “kikomo cha zao ni zao la vikomo” ina sharti lake: vikomo vyote viwili lazima viwepo. Hapa kimoja hakipo. Mwanafunzi amezidisha 0 kwa kitu ambacho hakipo. Wapo wanaojaribu kujiokoa kwa kuandika sin(∞), kisha wanaongeza kwamba “ni namba fulani kati ya -1 na 1”. Hapana. ∞ si namba ya kuingizwa ndani ya sini, na kusema jibu lake ni “namba fulani” ni kukiri kwamba hujui ni ipi.

“Lakini jibu limetoka!” ndiyo hoja ninayorushiwa kila mara. Sawa, basi tuitumie hoja hiyohiyo kwa jirani yake wa karibu. Chukua x mara (1/x)·sin(1/x). Kizidishi cha kwanza kinakwenda 0 kama awali. Cha pili kinayumba kama awali, na hakina kikomo kama awali. Kwa mantiki ya “sifuri mara chochote”, jibu liwe 0. Lakini x na 1/x vinafutana, kinachobaki ni sin(1/x), na tumeshaona kwamba haina kikomo. Hoja ni ileile neno kwa neno. Mara ya kwanza ilitoa jibu sahihi, mara ya pili imetoa uongo.

Tofauti ya visa hivi viwili haiko kwenye kuyumba, maana vyote vinayumba. Iko kwenye mipaka. sin(1/x) inayumba ndani ya ukuta wa -1 na 1 na haiuvuki kamwe. (1/x)·sin(1/x) inayumba pia, ila kimo cha mawimbi yake kinazidi kuongezeka kadiri unavyoikaribia 0, na kimo hicho kinakua kwa kasi ileile ambayo x inapungua. Ndiyo maana hakuna anayeshinda. Mwanafunzi aliyeandika “chochote” ameacha neno moja tu lililokuwa na kazi: kitu chochote *chenye mipaka*. Naye mwenye hoja kamili huenda hata asitaje kuyumba, kwa sababu kuyumba ndiko kunakotutisha, lakini mpaka ndio unaotuokoa.

Sasa kanuni yenyewe. Kanuni ya kubana inasema hivi: fanksheni ikiwa imebanwa katikati ya nyingine mbili karibu na mahali fulani, na hizo mbili zote zikaelekea namba moja, basi ya katikati haina pa kukimbilia, nayo itaelekea namba hiyohiyo. Wafaransa huiita kanuni ya maaskari, na Waitaliano ya makarabinieri wawili: mtuhumiwa akishikwa kushoto na kulia, maaskari wakiingia kituoni naye ameingia. Mfano huo naupenda, hasa mtuhumiwa akiwa mlevi anayepepesuka, maana sini yetu ni mlevi haswa. Kasoro yake ni kwamba hausemi maaskari walitoka wapi. Katika swali letu maaskari hawaletwi na mtu, tunawatengeneza wenyewe kutokana na ule mpaka wa -1 na 1.

Na hapo kwenye kuwatengeneza ndipo kosa la pili linapojificha, nalo huwanasa hata walio makini. Mtu anaanza vizuri: -1 ≤ sin(1/x) ≤ 1. Kisha anazidisha kote kwa x na kupata -x ≤ x·sin(1/x) ≤ x. Pande zote mbili zinakwenda 0, anafunga hesabu na kuweka kalamu chini.

Jaribu x = -0.1. Upande wa kushoto, -x, ni 0.1. Upande wa kulia ni -0.1. Katikati, sin(-10) ni takriban 0.544, kwa hiyo zao ni kama -0.0544. Sentensi yake inasema 0.1 ni ndogo kuliko -0.0544, na -0.0544 ni ndogo kuliko -0.1. Vyote viwili si kweli. Ukizidisha kwa namba hasi alama za ≤ lazima zigeuke, na hapa x inaikaribia 0 kutoka pande zote mbili, wa hasi na wa chanya. Alichothibitisha ni nusu ya kikomo, ile ya kulia.

Maoni yangu, na haya wapo watakaoyapinga, ni kwamba tungeacha kabisa kufundisha kisa hiki kwa sentensi ya pande tatu. Tuanze na thamani kamili, yaani ukubwa wa namba bila kujali alama yake:

|x·sin(1/x)| = |x|·|sin(1/x)| ≤ |x|

Mstari mmoja tu. Hakuna alama ya kugeuza, hakuna visa viwili, na |x| inakwenda 0 kutoka pande zote. Anayetaka maaskari wawili anawapata bure, -|x| na |x|, lakini askari mmoja anatosha: ukubwa hauwezi kushuka chini ya 0, kwa hiyo sakafu ipo tayari.

Mstari huo pia unakupa kitu ambacho sentensi ya pande tatu hukificha. Mtu akikuambia, “nataka zao liwe dogo kuliko 0.001,” unamjibu papo hapo: chukua x yoyote isiyo 0 iliyo karibu na 0 kwa chini ya 0.001. Huhitaji kujua sini ina thamani gani hapo. Kwenye kikokotoo, x = 0.01 inatoa takriban -0.00506, x = 0.001 inatoa 0.000827, na x = 0.0001 inatoa -0.0000306. Alama zinarukaruka na tarakimu hazina mpangilio, ila hakuna hata moja iliyovuka ukubwa wa x yake. (Hakikisha kikokotoo kiko kwenye radiani. Kwenye digrii kikomo bado ni 0, lakini namba zako hazitafanana na hizi.)

Tahadhari moja ndogo kabla sijasogea. Mipaka isiyokutana haikuambii chochote. Ni kweli kwamba karibu na 0 x·sin(1/x) iko kati ya -1 na 1. Lakini kwa kuwa -1 na 1 hazikutani, huwezi kusema kikomo kipo, wala huwezi kusema hakipo. Umechagua tu maaskari waliosimama mbali mno.

Sehemu ninayoona kisa hiki kinalipa kweli ni kwenye mteremko wa grafu. Chukua f(x) = x²·sin(1/x), na tuseme f(0) = 0. Je, grafu ina mteremko pale kwenye 0? Wengi hukimbilia kanuni za kutafuta mteremko wa zao, wanapata

2x·sin(1/x) - cos(1/x)

kisha wanatazama x ikienda 0. Kipande cha kwanza kinakwenda 0; ukubwa wake haupiti 2|x|. Cha pili kinayumba kati ya -1 na 1 bila chochote cha kukibana. Basi wanaandika: “mteremko haupo.” Hapo wameteleza. Fomula hiyo ni ya x zisizo 0 tu, na kushindwa kwake kuelekea namba moja hakusemi lolote juu ya mteremko ulioko kwenye 0 yenyewe. Huo lazima upimwe kwa maana yake ya asili: tofauti ya f(h) na f(0), igawanywe kwa h. Tofauti hiyo ni h²·sin(1/h). Gawanya kwa h, unabaki na h·sin(1/h). Rafiki yetu wa mwanzo! Ukubwa wake haupiti |h|, kwa hiyo kikomo ni 0. Mteremko upo, nao ni 0, ijapokuwa kila hatua unayosogea karibu na hapo miteremko ya jirani inaruka kati ya karibu -1 na karibu 1.

Shusha kipeo kwa moja, uchukue x·sin(1/x) yenyewe, na kugawanya kwa h kunakuachia sin(1/h) peke yake. Kizidishi cha kubana kimekwisha, na mteremko haupo kweli. Pandisha kipeo hadi x³, na fomula ya mteremko inakuwa 3x²·sin(1/x) - x·cos(1/x). Sasa hata kile kipande cha kosini kimepata x yake: jumla yote haipiti 3x² + |x|, na miteremko ya jirani inatulia kwenye 0 pamoja na ule wa katikati.