Je, uhai wa kilindini haulihitaji jua kweli?

Mwaka 1977 chombo cha kuzamia cha Alvin kilikuta chemchemi za maji moto kwenye Ufa wa Galapagos, mita zipatazo 2,500 chini ya uso wa Pasifiki, zikiwa zimezungukwa na wanyama. Tangu hapo imezoeleka kusema kwamba kule chini kuna uhai usiolitegemea jua. Wapo wanasayansi wanaoikubali kauli hiyo ilivyo, na wapo wanaosema jua limo, ila limejificha. Hoja za pande zote mbili hupimika vizuri zaidi kwa kumtazama mnyoo mmoja, Riftia pachyptila.

Mnyoo huyu huzidi mita moja kwa urefu, na huishi ndani ya mrija mweupe anaoujenga mwenyewe. Akishakomaa hana mdomo wala utumbo. Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh na wenzake walieleza anavyoishi: ndani ya mwili wake kuna kiungo laini kilichojaa bakteria. Bakteria hao huunguza haidrojeni salfaidi inayotoka chini ya miamba, kisha nishati hiyo huitumia kugeuza kabonidayoksaidi kuwa chakula chao na cha mnyoo. Mwanga hauna kazi yoyote hapo, na ndiyo nguzo ya upande wa kwanza.

Kazi yenyewe ni ya hatari. Salfaidi ni sumu inayozizuia seli kutumia oksijeni, kama sainaidi ifanyavyo. Isitoshe, ikikutana na oksijeni huanza kuunguzana nayo yenyewe, na nishati ikapotea bure. Hemoglobini ya Riftia imelitatua hilo kwa kubeba oksijeni sehemu moja na salfaidi sehemu nyingine, hadi vyote viwafikie bakteria. Ndiyo maana shada lake jekundu, analonyonyea gesi hizo, hulitoa pale maji ya chemchemi yanapochanganyikana na maji ya bahari yenye baridi ya nyuzi 2 hivi. Akisogea ndani mno, joto linamzidi na oksijeni inakosekana. Akikaa mbali, salfaidi haimfikii. Chemchemi ikizimika, koloni nzima hufa.

Sasa tazama hesabu ya bakteria wake:

HS⁻ + 2O₂ → SO₄²⁻ + H⁺

Salfaidi imetoka kwenye mwamba, lakini oksijeni haikutoka huko. Imetengenezwa na mimea na mwani kwa mwanga wa jua, ikayeyuka katika maji baridi ya juu, na maji hayo yakazama karibu na ncha za dunia na kutambaa polepole sakafuni. Upande wa pili unashikilia hapo, na kwa Riftia naona umeshinda. Kuna wanaojitetea kwamba baadhi ya bakteria wanaweza kutumia nitreti badala ya oksijeni. Ni kweli, ila nitreti ya baharini nayo hutengenezwa na vijidudu vinavyounguza amonia kwa oksijeni hiyohiyo, kwa hiyo anayekimbilia huko hajatoka kwenye deni.

Upande wa kwanza una ngome nyingine, nayo haina mnyama hata mmoja. Ni arkea, vijidudu vya seli moja visivyo bakteria, wanaotengeneza methani:

CO₂ + 4H₂ → CH₄ + 2H₂O

Haidrojeni hii huzaliwa maji yanapokutana na miamba yenye chuma, kama olivini. Katika Bahari ya Hindi, kwenye chemchemi za Kairei, watafiti wa Japani walipata aina ya Methanopyrus kandleri iliyoweza kuongezeka hata kwenye nyuzi 122; walitangaza matokeo hayo mwaka 2008. Kiumbe huyu haitaki oksijeni kabisa. Kwake kauli ya kutolitegemea jua inasimama bila nyongeza.

Tatizo ni ujira. Katika vipimo vya kawaida vya maabara, kuunguza moli moja ya salfaidi kwa oksijeni hutoa kilojuli karibu 800. Kutengeneza moli moja ya methani hutoa kama 131, na hiyo ni baada ya kutumia moli nne za haidrojeni. Kwa seli moja ndogo hiyo inatosha. Kuuendesha mwili wenye damu na misuli ni jambo jingine. Mnyoo, kaa na kamba wa kule wote huvuta oksijeni wenyewe, mbali na ile wanayohitaji bakteria.

Kwa hiyo jua likizimika leo, Riftia hangekufa kesho. Maji ya kilindi cha Pasifiki yaliondoka juu karne nyingi zilizopita yakiwa na akiba yake, na akiba hiyo ingepungua taratibu mpaka ikaisha. Arkea wa methani wangeendelea maadamu mwamba unatoa haidrojeni.

Tofauti hii ina uzito hata nje ya dunia. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba chombo cha Cassini kilikuta haidrojeni katika mvuke unaofoka kutoka Enseladasi, mwezi wa Zohali wenye bahari chini ya barafu. Ikiwa kuna uhai humo, wa kutafutwa kwanza ni jamaa wa Methanopyrus. Kumtarajia mnyoo kungetaka kwanza mtu aeleze oksijeni inatoka wapi.